Ukijibu hoja pinzani, jibu ubeti mzima

*Mwalimu, shikamoo. Ninaandika insha ya mjadala kuhusu Utenzi wa Mwana Kupona. Msimamo wangu ni kwamba utenzi haumdunishi mwanamke. Mhadhiri amenirudishia rasimu, na pembeni mwa aya ya hoja pinzani ameandika: "Umempinga asiyekuwepo." Aya yenyewe ni hii: "Wapo wanaodai kuwa Mwana Kupona anamdunisha mwanamke. Dai hili si kweli. Kwanza, mume ametajwa wa tano, baada ya Mungu, Mtume, baba na mama. Pili, binti anaambiwa amhadae mume, 'mpumbaze apumbae'. Tatu, hizo zilikuwa zama zao." Sioni kosa liko wapi. Na nikiwapa wapinzani nafasi kubwa, si nitakuwa nimeiua insha yangu mwenyewe?*

Marahaba, mwanangu. Mhadhiri wako amesema kweli. Hao "wapo wanaodai" hawana uso. Hujatuambia wamesoma ubeti gani wala kwa nini wakaamini wanayoyaamini. Umewapa sentensi moja kavu, kisha ukawaangusha kwa sentensi nyingine kavu. Msomaji wa insha hii ameusoma utenzi, na hapa Mombasa huenda hata aliupokea kwa bibi yake kabla hajaukuta darasani. Beti ambazo hukuzitaja anazijua. Akifika kwenye aya yako anangoja uzikabili, na anapoona umezipita pembeni anaanza kuushuku hata ushahidi wako ulio mzuri.

Hofu ya kuiua insha nitaiondoa haraka. Swali hili linajadiliwa kwa sababu utenzi wenyewe una ushahidi wa pande zote mbili. Kama upande wa pili ungekuwa mtupu, usingekuwa na insha ya kuandika, ungekuwa na muhtasari tu. Insha haiuawi na hoja pinzani iliyoelezwa vizuri. Inauawa pale jibu linapokuwa dogo kuliko hoja linayoijibu, na hilo ndilo lililokupata.

Basi tumtafute mpinzani halisi, tumsimamishe palipo na nguvu zake. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, aliutunga utenzi huu mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Anaanza na dini, anafuatia adabu mbele za watu, kisha anaingia kwenye habari ya mume, na huko mbele anamalizia kwa dua ndefu. Mpinzani wako anasimama katikati, penye mume, na mkononi ana ubeti huu:

*Kipenda wende peponi*
*utakwenda dalihini*
*kinena wende motoni*
*huna budi utatiwa*

Usome polepole. Binti anaambiwa kwamba Siku ya Kiyama ataulizwa mumewe, na atakalolisema mume ndilo litakalotendeka. Hili limepita heshima ya kawaida ya nyumbani. Hatima ya mke huko akhera imefungwa na ridhaa ya mume. Mtu akikuambia utenzi huu unamweka mwanamke chini ya mwanamume, atakusomea mishororo hii minne tu na kunyamaza. Rasimu yako haina neno hata moja juu ya ubeti huu. Ndiyo maana ya ile alama ya pembeni.

Sasa tuangalie majibu yako matatu. Mawili kati yao yana kosa la aina moja.

Ulisema mume ametajwa wa tano. Ni kweli, lakini umenukuu nusu. Ubeti mzima ni huu:

*Nda Mngu na Mtumewe*
*baba na mama wayuwe*
*na ya tano nda mumewe*
*mno imekaririwa*

Mshororo wa mwisho unaigeuza hoja yako ikupige mwenyewe. Radhi ya mume imewekwa ya tano, naam, lakini ni hiyo hiyo peke yake iliyotiliwa mkazo kwamba imekaririwa mno. Mpinzani hahitaji kutafuta mbali. Atakwambia, "Malizia ubeti, bwana," na hoja yako imekwisha. Hata kama mkazo huo usingekuwapo, kutajwa mwishoni mwa orodha ya radhi ambazo bila hizo kiumbe hapati "usono wa akhera na dunia" si kudogoshwa. Zote tano zinatakiwa.

Kwenye "mpumbaze apumbae" umefanya vilevile. Mshororo unaofuata papo hapo unasema "amriye sikatae". Mtunzi hakuiacha hila bila utiifu. Ameviweka viwili hivyo bega kwa bega ndani ya ubeti mmoja. Tena kitenzi chenyewe kina upana, kwani anayempumbaza mtu anaweza kuwa anamhadaa, na anaweza kuwa anamliwaza tu. Ukiutundika msimamo wako wote juu ya kitenzi hicho, mpinzani atachagua maana ya pili na utabaki huna pa kushika. Kitaje ukitaka, lakini kisiwe nguzo.

La tatu, "hizo zilikuwa zama zao", ndilo ninalolikuta mara nyingi kwenye insha za wanafunzi, na ndilo linaloniumiza zaidi kwa sababu huonekana kama jibu. Halijibu. Linaeleza kwa nini mtunzi alisema alilolisema. Haligusi kama alichokisema kinamweka mwanamke chini au hakimweki. Kibaya zaidi, ndani yake limeshakubali. Huwezi kumtolea mtu udhuru wa zama kama hujakiri kwanza kwamba kuna jambo linalohitaji udhuru. Umeanza aya kwa "si kweli" na ukaimaliza kwa kukubali, na hukujua kwamba umekubali.

Hoja pinzani unaweza kuiendea kwa njia tatu, na hapa ndipo unatakiwa kuamua kwa akili iliyotulia. Unaweza kuukataa ushahidi wake: ubeti haupo, au umenukuliwa vibaya, au anayesema si yule tunayemdhania. Unaweza kuukubali ushahidi ukakataa hitimisho lililotolewa kutokana nao. Au unaweza kukubali vyote viwili, ila ukaonyesha kwamba vinahusu sehemu tu ya swali. Njia ya kwanza imefungwa kwako, kwa sababu beti zipo na hazina utata wa msemaji: mama anamwambia binti, na anakusudia alisemalo. Zilizobaki ni ya pili na ya tatu, na katika utenzi huu zinakwenda pamoja. Kubali kwamba ubeti wa radhi unasema unachokisema, kisha uulize swali ambalo ubeti huo hauliulizi: hiyo radhi inapatikanaje, na nani anayeiendesha kazi ya kuipata?

Jibu limo kwenye beti zinazofuata. Mwana Kupona anashuka kwenye mambo ya kila siku. Mume akilala asiamshwe kwa kelele na apepewe. Akiamka aandikiwe chakula, asingwe, anyolewe, afukizwe. Mpinzani atazihesabu beti hizi upande wake, kwamba ni utumishi mtupu. Mwache azihesabu. Kisha mwonyeshe ubeti unaokuja mara baada ya shughuli hizo:

*Mtunde kama kijana*
*asoyuwa kunena*
*kitu changalie sana*
*kitokacho na kungia*

Mtunze kama mtoto mdogo asiyejua bado kusema. Hapa mtunzi mwenyewe ametoa tashbihi, na tashbihi ni ushahidi mzito kuliko kitenzi kimoja chenye maana mbili, kwa kuwa inatuchorea watu wawili na uhusiano wao. Kumpepea, kumlisha, kumsinga, yote yale yaliyoonekana kuwa kazi za mtumishi, sasa yamewekwa mikononi mwa mlezi. Kumbuka pia kwamba beti chache nyuma binti aliambiwa "akinena simjibu, itahidi kunyamaa". Aliyetakiwa kunyamaza alikuwa yeye. Katika tashbihi hii asiyejua kunena ni mume. Sijui kama darasani mlilizungumzia hilo, lakini mimi naliona kuwa ndicho kiini cha jibu lako, na umelipita ukikimbilia "mpumbaze".

Nitakuandikia aya jinsi inavyoweza kuwa. Usiinakili, itazame inavyotembea:

*Hoja nzito zaidi dhidi ya usomaji wangu imo ndani ya utenzi wenyewe. Mwana Kupona hamtaki mke amheshimu mume tu, anaifunga hatima yake ya akhera na radhi ya mume: "Kipenda wende peponi / utakwenda dalihini / kinena wende motoni / huna budi utatiwa." Anayesema kwamba ubeti huu unamweka mke chini ya mume ameusoma sawasawa, na hakuna ubeti mwingine unaoufuta. Hata hivyo, haifuati kutokana na hapo kwamba utenzi unamwona mke kuwa kiumbe asiye na uwezo. Ubeti huo unataja kinachotakiwa, yaani radhi, hausemi inapatikanaje. Beti za kumtunza mume ndizo zinazosema, na baada ya kutaja kumlisha, kumpepea na kumnyoa zinatoa tashbihi hii: "Mtunde kama kijana / asoyuwa kunena / kitu changalie sana / kitokacho na kungia." Binti aliyeambiwa mwanzoni "akinena simjibu" anaonyeshwa mume kwa sura ya mtoto asiyejua kusema, na yeye mwenyewe kwa sura ya mlezi anayeangalia kila kitokacho na kiingiacho. Amri ya mume imebaki, kwani ubeti unaofuata unaonya "amriye sikatae". Kilichobadilika ni nani anayemtegemea nani katika maisha ya kila siku. Utenzi basi unamweka mke chini kwa cheo, lakini unamkabidhi uendeshaji wa nyumba na maarifa ya kuuendesha.*

Tazama nilivyoigawa. Sehemu ya mpinzani ina ubeti mzima na maelezo ambayo yeye mwenyewe angeyatia sahihi. Kuna sentensi moja ya kukubali, nayo haina "labda" wala "kwa kiasi fulani". Imekubali moja kwa moja. Kisha inakuja "Hata hivyo", na linalofuata halirudi kuupinga ubeti ule. Linapinga hatua ya kutoka ubeti ule kwenda kwenye hitimisho. Ushahidi mpya umeletwa baada ya hapo, na ule mshororo unaoniumiza, "amriye sikatae", nimeuleta kwa mkono wangu kabla mpinzani hajauleta. Jibu ni refu kuliko hoja iliyojibiwa. Sikupima kwa maneno. Limekuwa refu kwa sababu kukanusha hatua ya mantiki kunahitaji kuonyesha, na kuonyesha kunakula nafasi.

Umeona pia sentensi ya mwisho haikurudia msimamo wako wa awali. "Utenzi haumdunishi mwanamke" hauwezi tena kusimama, kwa sababu tumeshakiri kwamba kwa cheo unamweka chini. Kwa hiyo rudi kwenye utangulizi uubadilishe msimamo. Andika, kwa mfano, kwamba utenzi unaukubali mfumo unaomweka mke chini ya mume huku ukimfundisha binti namna ya kuwa mwenye kuendesha mambo ndani ya mfumo huo. Wanafunzi wengi huogopa kuugusa msimamo wakishauandika, huona kuubadilisha ni kushindwa. Lakini kama aya ya hoja pinzani haijaubadilisha msimamo hata neno moja, mara nyingi ina maana kwamba uliyempinga hakuwa na nguvu.

Usidhani hata hivyo kwamba umemaliza ubishi. Mpinzani hodari ana jibu la pili: mlezi wa nyumba ambaye hana ruhusa ya kukataa amri bado ni mtu wa chini, na ufundi wa kuishi chini ya amri si uhuru. Hoja hiyo ni nzuri, na kwa maoni yangu huwezi kuiangusha kwa utenzi huu. Unachoweza ni kuonyesha kwamba haipingani na msimamo wako mpya, maana hukudai uhuru. Ndiyo faida ya kudai kidogo unachoweza kukilinda. Kama ungeng'ang'ania "haumdunishi", jibu hili la pili lingekumaliza.

Mahali pa kuiweka aya panategemea uzito wake. Kwa swali hili ningeiweka katikati, baada ya aya moja au mbili zinazoeleza utenzi unavyomfundisha binti adabu na maarifa mbele za watu, kwa mfano ule ubeti wa "uwe mtu mahabubu". Ukiichelewesha hadi karibu na hitimisho, msomaji atasoma kurasa zako zote huku ubeti wa pepo na moto ukimzunguka kichwani, na kila utakachosema atakipima kwa huo. Aya moja inatosha. Ikizidi ukurasa, ikate mbili pale penye "Hata hivyo", lakini usiruhusu kitu chochote kiingie katikati yao.

Ukimaliza, fanya jaribio moja. Toa sehemu ya mpinzani peke yake, bila jibu, umpe mwenzako anayeshikilia upande huo, umuulize: "Ndivyo unavyosema?" Akisema "sivyo hasa", muulize kilichopungua, ukiongeze. Kisha funika aya nzima usome insha bila hiyo. Kama inakwenda vilevile bila pengo, basi aya hiyo ilikuwa pambo, na aya zinazoifuata bado hazijajua kwamba umekubali jambo. Kwenye rasimu yako ya sasa ndivyo itakavyokuwa, kwa sababu ukurasa wako wa mwisho bado utakuwa unasema "haumdunishi".

Kuna jambo moja ambalo mimi siwezi kulimaliza kwa maandishi. Utenzi huu uliandikwa kwa hati za Kiarabu na kwa Kiamu, na matoleo ya hati za Kirumi hayalingani kila mahali kwa tahajia wala kwa mpangilio wa beti. Lile la Werner na Hichens la mwaka 1934 lilipewa jina la Kiingereza linaloutaja utenzi kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke, na nadhani jina hilo limewafanya wasomaji wengi waone sehemu ya mume tu na kuisahau dini ya mwanzoni na dua ya mwishoni. Hoja yangu juu ya "mtunde kama kijana" inategemea ubeti huo kuja baada ya kunyoa na kufukiza, na kabla ya "mpumbaze". Fungua toleo ambalo mhadhiri wako analitumia uhakikishe mpangilio ni huo, na unukuu kama lilivyoandika lenyewe, si kama nilivyoandika mimi. Kisha mtafute mtu aliyelelewa na Kiamu. Mji wa Kale hukosi mtu mwenye asili ya Lamu au Pate. Kaa naye umsomee beti hizo kwa sauti, umuulize anavyoisikia "mpumbaze" na anavyomsikia huyo "kijana". Kama anaisikia tashbihi hiyo kuwa ya upole tu, isiyo na mamlaka ya mlezi ndani yake, nenda nayo kwa mhadhiri kabla hujaandika rasimu ya pili, maana hapo jibu lako litahitaji ushahidi mwingine.